Ukingo wa Pulsi na Nanosekunde za Chombo

Fundi ana geti la lojiki linalotoa pulsi za volti 5. Anashika probu ya megahezi 100 iliyochomekwa kwenye osiloskopu ya megahezi 100, anagusa mguu wa geti na kusoma muda wa kupanda wa pulsi: nanosekunde 5.3. Mwenzake analeta osiloskopu ya megahezi 500 yenye probu inayolingana nayo, anagusa mguu uleule na kupata nanosekunde 2.2. Vyombo vyote viwili ni vizima, na geti halijabadilika. Ukweli ni kwamba geti linapanda kwa nanosekunde 2. Kilichozidi hapo kimeongezwa na vyombo.

Mchoro ulio kwenye kioo ni pulsi iliyokwisha kupita katika probu, kebo na vikuza vya osiloskopu, na kila kimoja kimeigusa kwa namna yake. Mtu anayepima anahitaji kujibu maswali mawili kabla ya kuuamini mchoro huo. La kwanza, je, probu imesawazishwa? La pili, je, chombo kina kasi ya kutosha kuufuata ukingo anaoupima? Maswali haya huchanganywa mara nyingi, ilhali kila moja lina jibu lake, na kufaulu la kwanza hakusemi lolote kuhusu la pili.

Ndani ya probu

Probu inayokuja na osiloskopu nyingi huandikwa 10X, maana hupunguza volteji mara kumi. Kazi hiyo hufanywa na rezista mbili. Moja ni ya megaomu 9, iko kichwani mwa probu. Nyingine ni ya megaomu 1, iko kwenye mlango wa osiloskopu. Volteji inagawanyika kati yao, sehemu moja ya kumi inafika kwenye osiloskopu, na osiloskopu inazidisha kwa kumi kabla ya kuandika namba kwenye kioo.

Kwa volteji isiyobadilika, rezista hizo zinatosha. Tatizo ni kwamba kebo ya probu na mlango wa osiloskopu vina kapasitansi, yaani vinahitaji kujazwa chaji kabla ya volteji kupanda. Tuseme jumla yake ni pikofaradi 108, kiasi cha kawaida kwa kebo ya mita moja na kidogo. Kuijaza kapasitansi hiyo kupitia rezista ya megaomu 9 huchukua muda mrefu: pulsi ingehitaji zaidi ya mikrosekunde 200 kupanda. Chombo cha namna hiyo kisingefaa hata kwa sauti ya redio.

Dawa yake ni kapasita ndogo inayowekwa sambamba na ile rezista ya megaomu 9. Mabadiliko ya polepole yanagawanywa na rezista, na ya haraka yanagawanywa na kapasita. Ili migawanyo yote miwili itoe sehemu moja ya kumi, rezista ya kichwani ikizidishwa kwa kapasita yake lazima itoe jibu sawa na rezista ya mlangoni ikizidishwa kwa kapasitansi yake. Mlangoni tuna megaomu 1 mara pikofaradi 108. Kwa hiyo kichwani, kwenye megaomu 9, tunahitaji pikofaradi 12. Tisa mara kumi na mbili ni mia moja na nane.

Lakini osiloskopu hazilingani. Mlango wa moja unaweza kuwa na pikofaradi 15 na wa nyingine 20, na hata chaneli mbili za chombo kimoja zinaweza kutofautiana kidogo. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka kwenye probu kapasita inayozungushwa kwa bisibisi. Kuizungusha mpaka milinganyo ile miwili ikubaliane ndiko kusawazisha probu.

Kilohezi 1 na bisibisi ya plastiki

Usoni mwa osiloskopu kuna kishikio kidogo cha chuma kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Unanasa ncha ya probu hapo, waya wa ethi unaubana kwenye kishikio cha pili, unahakikisha swichi ya probu na menyu ya chaneli zote ziko 10X, kisha unatazama sehemu ya juu ya wimbi.

Ikiwa bapa tangu mwanzo hadi mwisho, na kona zake ni za mraba, probu imesawazika. Kona zikiwa za mviringo, na wimbi likawa linapanda taratibu kabla ya kutulia, kapasita ya probu ni ndogo mno. Ukingo ukiruka juu kuliko inavyotakiwa kisha ukashuka polepole hadi kimo chake, kapasita ni kubwa mno. Zungusha skrubu taratibu mpaka juu pawe bapa. Tumia bisibisi ya plastiki, kwa kuwa ya chuma huongeza kapasitansi yake pale inapogusa, na marekebisho yanaharibika unapoiondoa.

Kilohezi 1 ilichaguliwa kwa sababu. Kwenye probu yetu, kosa la usawazishaji hutulia kwa muda unaotokana na rezista mbili zilizo sambamba, ambazo ni sawa na megaomu 0.9, na kapasitansi zote mbili, ambazo jumla yake ni pikofaradi 120. Zikizidishwa zinatoa mikrosekunde 108. Nusu ya wimbi la kilohezi 1 ina mikrosekunde 500, kwa hiyo mkunjo wa kosa unapata nafasi ya kuanza, kushuka na kutulia mbele ya macho. Kwenye wimbi la haraka zaidi mkunjo huo hauonekani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kosa lisilo na mkunjo

Chukua probu ambayo kapasita yake imepita kiasi kwa asilimia 20, yaani ina pikofaradi 14.4 badala ya 12. Ipime saa ya mikrokontrola inayotoa wimbi la mraba la megahezi 1, kutoka volti 0 hadi volti 5. Nusu ya wimbi hilo ni mikrosekunde 0.5 tu, na mkunjo wa mikrosekunde 108 hauna nafasi ya kujionyesha. Wimbi litaonekana la mraba na safi kabisa.

Namba ndizo zitakuwa mbaya. Kwa masafa hayo kapasita peke yake ndiyo inayogawanya, na 14.4 ukigawanya kwa jumla ya 122.4 unapata karibu asilimia 11.8 badala ya 10. Osiloskopu inazidisha kwa kumi kama kawaida, na wimbi la volti 5 linasomeka karibu volti 5.9. Fundi anaweza kuanza kutafuta kasoro kwenye pawasaplai ambayo haina kasoro.

Kuna dalili ya kumfumbua macho. Wastani wa wimbi hupita kwenye rezista, na rezista hazina kosa. Kwa hiyo wastani unabaki volti 2.5, na wimbi linatanuka juu na chini kwa usawa: linaanzia karibu volti 0.44 chini ya sifuri na kuishia karibu volti 5.44. Lojiki ya volti 5 haina sababu ya kukaa chini ya sifuri kwa nusu nzima ya wimbi. Ukiona hivyo kwenye kila mguu unaougusa, rudi kwenye kishikio cha kilohezi 1. Kapasita ikiwa ndogo mno mambo yanageuka: wimbi linafinywa, halifiki sifuri wala halifiki 5, na lojiki nzima inaonekana dhaifu.

Hivyo usawazishaji hufanywa kila probu inapohamishiwa chombo kingine au chaneli nyingine. Pia kila probu ina kiwango cha kapasitansi inachoweza kusawazisha, kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Ikiwa mlango wa osiloskopu uko nje ya kiwango hicho, skrubu itafika mwisho kabla wimbi halijawa bapa.

Upana wa masafa maana yake nini

Probu iliyosawazishwa vizuri kwa kilohezi 1 bado inaweza kuwa ya polepole mno kwa ukingo wa nanosekunde. Usawazishaji unahakikisha kwamba mgawanyo ni sawa katika masafa ya chini na ya kati. Mwisho wa uwezo wa chombo unaelezwa na upana wa masafa.

Osiloskopu ikiandikwa megahezi 100, maana yake si kwamba inaonyesha kila kitu kwa usahihi hadi megahezi 100 kisha inakoma. Hapo ndipo kimo kimeshuka hadi asilimia 71 hivi ya kimo halisi. Wimbi laini la volti 1 lenye masafa ya megahezi 100 litaonekana lina volti 0.71. Kosa la asilimia 29 liko ndani ya namba iliyoandikwa usoni mwa chombo.

Kuna uhusiano rahisi kati ya upana wa masafa na ukingo. Saketi ya rezista na kapasita inachukua mara 2.2 ya zao lao kupanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90 ya kimo, na kipande hicho cha asilimia 10 hadi 90 ndicho kinachoitwa muda wa kupanda. Upana wa masafa wa saketi hiyohiyo ni 1 kugawanya kwa mara 6.28 ya zao hilo. Ukiziunganisha kanuni hizo mbili, zao linajifuta lenyewe, na unabaki na 2.2 kugawanya kwa 6.28, ambayo ni 0.35:

```
muda wa kupanda = 0.35 / upana wa masafa
```

Osiloskopu ya megahezi 100 ina nanosekunde 3.5 zake yenyewe. Hata ukiipa ukingo unaoruka papo hapo, itauchora ukipanda kwa nanosekunde 3.5. Ya megahezi 500 ina nanosekunde 0.7. Probu nayo ina zake, na hapa swichi ndogo iliyo kwenye mwili wake inaweza kumtega mtu. Probu nyingi zinazobadilishwa kati ya 1X na 10X hufikia megahezi 100 au 200 zikiwa 10X, lakini zikiwa 1X hubaki na karibu megahezi 6. Hiyo ni nanosekunde 58. Swichi ikisogea bila mtu kujua, pulsi yoyote kali itaonekana kama mlima uliolala.

Kuifikisha probu ya 10X kwenye masafa hayo ya juu kulihitaji hila. Kebo ya kawaida ikiishia kwenye mlango wa megaomu 1 hurudisha mawimbi nyuma, nayo yakigonga upande wa pili hurudi tena, na ukingo unajaa vishindo. Wahandisi wa Tektronix, kampuni ya Oregon iliyoanzishwa mwaka 1946, walitatua jambo hilo kwa kutumia waya wa katikati wenye ukinzani ndani ya kebo, unaozima mawimbi yanayorudi. John Kobbe na William Polits walipewa hataza ya Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1959. Kebo ya probu si waya wa kawaida, na ukiikata na kuunga kipande cha kebo ya antena, probu hiyo haitapima tena kama zamani.

Nyakati zinavyojumlishwa

Sasa turudi kwenye geti. Lina nanosekunde 2, osiloskopu ina 3.5 na probu ina 3.5. Hazijumlishwi moja kwa moja kuwa 9. Kila moja inazidishwa kwa yenyewe, majibu yanajumlishwa, kisha unatafuta kipeo cha pili cha jumla. Mbili mara mbili ni 4, 3.5 mara 3.5 ni 12.25, na tunazo mbili. Jumla ni 28.5, na kipeo chake cha pili ni 5.3. Ndiyo namba aliyoisoma fundi wa kwanza. Mwenzake alikuwa na 0.7 mbili, jumla yake ni 4.98, na kipeo chake ni 2.2.

Probu na osiloskopu za fundi wa kwanza zikiwa peke yake zina karibu nanosekunde 4.9. Tazama linalotokea ukingo unapobadilika. Wa nanosekunde 20 utasomeka 20.6. Wa 10 utasomeka 11.2. Wa 5 utasomeka 7.0. Wa 2 utasomeka 5.3, na wa nanosekunde 1 utasomeka 5.0. Kuanzia hapo kushuka, chombo hakipimi tena pulsi. Kinajipima chenyewe.

Mtu anaweza kusema: kama najua nanosekunde za chombo, si niziondoe tu? Muuza samaki hufanya hivyo na kikapu: anapima vyote pamoja, anatoa uzito wa kikapu, anabaki na samaki. Lakini kikapu kikiwa kizito kuliko samaki, kosa dogo la mizani linameza samaki wote. Kwa ukingo ni hivyohivyo. Tuseme fundi anasoma 5.3 huku usomaji wake ukiwa na shaka ya asilimia 5 juu au chini. Ikiwa thamani sahihi ni 5.1, akiondoa ya chombo atabaki na nanosekunde 1.1. Ikiwa ni 5.6, atabaki na 2.6. Usomaji wenye shaka ndogo umetoa jibu ambalo mwisho wake wa juu ni zaidi ya mara mbili ya ule wa chini.

Mafundi hutumia kanuni inayoweza kutetewa kwa hesabu hiyohiyo. Chombo pamoja na probu vikiwa na kasi mara tatu ya ukingo, namba inayosomeka inazidi ukweli kwa asilimia 5 tu. Vikiwa na kasi mara tano, inazidi kwa asilimia 2. Ukingo wa nanosekunde 10 unahitaji mfumo wa nanosekunde 3.3 au pungufu, ambao ni zaidi kidogo ya megahezi 100 kwa mfumo mzima. Soma kwa makini kijitabu cha chombo: baadhi ya watengenezaji hueleza upana wa masafa mpaka kwenye ncha ya probu waliyoitoa pamoja na chombo, na hapo hutakiwi kuihesabu probu mara ya pili.

Kimo nacho huumia pulsi ikiwa fupi. Pulsi ya volti 5 inayodumu nanosekunde 3, ikipita kwenye mfumo wa nanosekunde 4.9, inaanza kushuka kabla haijafika kileleni, na itaonekana ikifikia karibu volti 3.7. Anayetafuta pulsi potofu inayozindua saketi bila sababu anaweza kuiona ikiwa ndogo na kuidharau, kumbe kwenye waya ni nzima.

Kanuni ya 0.35 ina mipaka yake. Inafaa kwa vyombo ambavyo uwezo wao hushuka taratibu masafa yanapopanda. Osiloskopu za kidijitali za gigahezi 1 na zaidi mara nyingi hubaki bapa kisha kushuka ghafla, na kwao namba hufika 0.4 au 0.45. Tazama pia kasi ya sampuli. Chombo kinachochukua sampuli bilioni moja kwa sekunde hupata nukta moja kila nanosekunde, kwa hiyo ukingo wa nanosekunde 2 una nukta mbili au tatu tu, na mstari unaouona kati yake ni makadirio.

Waya wa ethi na mzigo wa probu

Mambo mawili zaidi hubadilisha ukingo, na yote hutokea pale probu inapogusa saketi.

La kwanza ni waya wa ethi wenye kibanio. Waya wa sentimita 15 una indaktansi ya karibu nanohenri 150. Ukiungana na pikofaradi 12 za ncha ya probu, vinatengeneza saketi inayolia kwa karibu megahezi 119. Ukingo mkali unaiamsha, na kwenye kioo unaona mawimbi yanayofifia, kila moja likiwa na nanosekunde 8.4 hivi. Mtu anaweza kubadilisha rezista na kapasita za saketi mchana kutwa akijaribu kuzima mlio uliomo kwenye probu yake. Ili kujua, toa waya ule na uweke springi fupi ya ethi ya sentimita 1. Indaktansi inashuka kufikia karibu nanohenri 10, na mlio unapanda hadi karibu megahezi 460. Mawimbi yakitoweka au yakibadilika kasi, yalikuwa ya probu. Yakibaki vilevile, ni ya saketi.

La pili ni mzigo. Zile pikofaradi 12 zinaongezwa kwenye saketi yenyewe. Geti lenye nguvu halizisikii sana, lakini waya unaopandishwa na rezista kubwa huumia. Chukua mstari wa mawasiliano wa I²C wenye rezista ya kiloomu 4.7 na kapasitansi ya pikofaradi 50. Unapanda kwa nanosekunde 517. Ukiugusa kwa probu ya 10X unakuwa na pikofaradi 62 na kupanda kwa nanosekunde 641. Ukiugusa kwa 1X, yenye pikofaradi 100 hivi, unafika nanosekunde 1,551, na mawasiliano yenyewe yanaweza kukatika kwa sababu unayapima. Hapa hakuna vipeo: kapasitansi zinaongezeka moja kwa moja, kwa kuwa saketi yenyewe imebadilika, na hata osiloskopu ya bei kubwa kiasi gani haiwezi kulirudisha hilo.

Namba ya kuandika

Kwa hiyo kabla ya kusoma ukingo, kazi ina mpangilio wake. Sawazisha probu kwenye chaneli utakayoitumia, ukiwa kwenye 10X. Weka ethi fupi. Tafuta nanosekunde za osiloskopu na za probu kwa 0.35, uziunganishe kwa vipeo, kisha soma ukingo na ulinganishe.

Usomaji ukiwa mara tatu au zaidi ya nanosekunde za mfumo, uandike kama ulivyo. Ukiwa kati ya mara moja na nusu na mara tatu, ondoa za mfumo kwa vipeo na uandike namba zote mbili. Ukikaribiana na za mfumo, kama 5.3 inavyokaribiana na 4.9, usidai kwamba umepima muda wa kupanda wa geti. Unachokijua kwa hakika ni mpaka wa juu, na ndio unaopaswa kuandikwa: ukingo huu hauzidi nanosekunde 2.6 hivi, kwa mfumo wa nanosekunde 4.9. Mbunifu wa saketi atakayesoma sentensi hiyo atajua kwamba waya zake lazima zivumilie ukingo mkali kuliko ule ulioonekana kwenye kioo, na atazipanga kwa kufuata hilo.